Nyumba Kubwa Nyingi: Namna ya Kukagua Upatanisho wa Kivumishi

Mfululizo wa sarufi, sehemu ya nne

Mzazi mmoja wa mtaa wa Majengo, hapa Goma, ameniletea daftari la binti yake pamoja na swali. Binti aliandika insha juu ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, na ndani yake mna sentensi hii: "Nyumba kubwa mingi ziliungua." Mwalimu wake amepiga mstari mwekundu chini ya "mingi" na kuandika "nyingi" juu yake. "Kubwa" ameliacha lilivyo. Mzazi anauliza: ikiwa kivumishi lazima kifuate ngeli ya nomino, imekuwaje "kubwa", ambalo halina kiambishi chochote, lipite, na "mingi", ambalo linacho, likataliwe?

Mwalimu hakukosea. Maneno yote mawili yanatawaliwa na kiambishi kimoja, ila katika moja kiambishi hicho kinaonekana na katika jingine kimemezwa. Anayekagua upatanisho kwa kutazama kama maneno yanafanana mwanzoni atakwama hapo. Tuichukue sentensi hii hatua kwa hatua.

Kwanza tujue "mingi" limetoka wapi. Katika Kiswahili tunachozungumza Goma, neno hili limeganda. Tunasema watu mingi, pesa mingi, maji mingi, na msikilizaji anaelewa bila taabu. Kilingala nacho kina "mingi" lisilobadilika, kwa hiyo sikio la mtoto wa hapa linalipokea neno hilo kutoka pande mbili. Sokoni Kituku hakuna atakayekurudi kwa kusema hivyo. Lakini insha ya shule, tangazo la kata na habari ya gazeti huandikwa kwa Kiswahili sanifu, ambacho kilijengwa juu ya Kiunguja, na ambacho Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikisanifisha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo haikuwamo. Ndiyo maana kanuni zake nyingi sisi hatukuzinyonya nyumbani, bali tunakutana nazo darasani.

Katika sanifu, "mingi" ni sahihi mahali pamoja tu: kwenye wingi wa nomino za mti na miti. Miti mingi, milima mingi, miaka mingi. Kwingineko shina -ingi hubadilika: watu wengi, maji mengi, vitu vingi, unga mwingi, nyumba nyingi. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya daftari ni hili: nyumba ni ya ngeli gani?

Walimu wengi waliosoma vitabu vya pwani hufundisha jaribio la "hii": weka kionyeshi kando ya nomino, nacho kitakutajia ngeli. Kwa Mzanzibari jaribio hilo hufanya kazi, maana kinywa chake kitasema kitu hiki, mtu huyu, nyumba hii. Kwetu halisaidii sana, kwa kuwa "hii" nalo limeganda kama "mingi". Mtoto anayesema "hii kitu" na "hii mutu" tangu asubuhi hadi jioni hawezi kukitumia kionyeshi kama kipimo. Anahitaji kipimo kilicho nje ya mazoea yake, nacho ni kamusi.

Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981. Kando ya kila nomino utaona mabano yenye viambishi viwili. Kwenye nyumba ni [i-/zi-]. Hivyo ni viambishi vya kitenzi, cha umoja na cha wingi: nyumba iliungua, nyumba ziliungua. Kamusi haikuandikii kiambishi cha kivumishi. Hicho unakitoa mwenyewe kwa orodha fupi, ambayo ningependa kila mwanafunzi aiandike nyuma ya daftari:

[a-/wa-] huchukua m- na wa-: mtoto mdogo, watoto wadogo.
[u-/i-] huchukua m- na mi-: mti mrefu, miti mirefu.
[li-/ya-] haichukui kitu katika umoja, na huchukua ma- katika wingi: soko dogo, masoko madogo.
[ki-/vi-] huchukua ki- na vi-: kiti kidogo, viti vidogo.
[i-/zi-] huchukua n- na n-: nyumba ndogo, nyumba ndogo.
[u-/zi-] huchukua m- na n-: ukuta mrefu, kuta ndefu.

Orodha hii inatosha kwa sehemu kubwa ya nomino utakazokutana nazo. Katika [li-/ya-] kumbuka tu kwamba shina lenye silabi moja hupata ji-, kama soko jipya, na shina linaloanza kwa irabu hupata j-, kama jicho jeusi.

Soma viambishi vyote viwili vya kwenye mabano, usiishie kimoja. Kiambishi i- peke yake kinadanganya, kwa kuwa hutumika kwenye wingi wa mti na kwenye umoja wa nyumba: miti imeanguka, nyumba imeanguka. Aliyeona i- tu anaweza kuandika "nyumba mirefu" akidhani amefuata kanuni. Akitazama jozi nzima hatapotea, maana [u-/i-] na [i-/zi-] hazifanani. Na kitenzi cha binti wa Majengo kilikuwa tayari kimeanza kwa zi-, kiambishi ambacho hakiandamani kamwe na mi-. Yaani sentensi yenyewe ilikuwa na ushahidi dhidi ya "mingi".

Sasa tuna kiambishi n-. Hapa ndipo lilipo jibu la mzazi, kwa sababu n- hubadilika kulingana na sauti inayoifuata.

Mbele ya d, g na z hubaki n: ndogo, ngumu, nzuri. Mbele ya b hugeuka m: mbaya, mbovu, mbichi. Ikikutana na r, zote mbili huungana na kuwa nd, ndiyo maana -refu hutupa "ndefu". Mbele ya irabu huwa ny: nyeupe, nyekundu, nyembamba, na hilo "nyingi" la mwalimu. Shina -ema peke yake huenda kando na kuwa "njema". Lakini mbele ya k, t, p, f na ch, n- humezwa kabisa: kubwa, kali, tamu, pana, fupi, chache, chafu. Wasemaji wa Kimvita, kule Mombasa, bado huiachia alama: hutamka k ya "nyumba kubwa" kwa pumzi nzito kuliko k ya "mtu mkubwa". Katika maandishi ya sanifu pumzi hiyo haionyeshwi, basi kubwa linaonekana kama halikupatana na kitu.

Kwa hiyo "kubwa" la binti lina kiambishi chake, ila kimemezwa na k. "Mingi" lina kiambishi kinachoonekana, lakini ni cha ngeli nyingine. Sentensi iliyonyooka ni "Nyumba kubwa nyingi ziliungua."

Kuna kivumishi kimoja kinachowachanganya hata walimu: -pya. Kwa kanuni ya p, tungetarajia n- imezwe na tuseme "nyumba pya". Tunasema "nyumba mpya". Sababu ni kwamba shina hili lina silabi moja tu, na mkazo wa Kiswahili hutaka silabi ya pili kutoka mwisho. Kiambishi kimebaki ili kiubebe mkazo huo, kikageuka m kwa kuwa kimesimama mbele ya p. M hiyo si ile ya mti mpya wala mtoto mpya, japo zinaandikwa sawa. Mwanafunzi asije akaona "nyumba mpya" akafikiri ameruhusiwa kusema "nyumba mkubwa".

Vivumishi vilivyotoka Kiarabu havina shida hii hata kidogo: safi, ghali, rahisi, hodari. Havichukui kiambishi popote. Nyumba safi, viti safi, watu safi.

Kabla ya kuhukumu kivumishi, hakikisha pia unajua kinaeleza nomino ipi. Mama anayeuza viazi akisema "kikapu cha viazi kikubwa", ukubwa ni wa kikapu. Akisema "kikapu cha viazi vikubwa", ukubwa ni wa viazi, na kikapu huenda kikawa kidogo. Kauli zote mbili ni sahihi, na mnunuzi anayezichanganya atalipia kitu asichokitaka. Mwalimu anayesahihisha lazima aulize mwandishi alikusudia nini kabla ya kupiga mstari.

Nomino za viumbe wenye uhai nazo zina utaratibu wao. Ng'ombe, samaki na mbuzi zina umbo la ngeli ya nyumba, na hazibadiliki katika wingi. Lakini kamusi huzipa [a-/wa-], na kivumishi hufuata uhai, si umbo: ng'ombe mkubwa, mbuzi weusi, samaki wengi. Sambaza wetu wa Ziwa Kivu wanaingia humo humo: sambaza wengi, sambaza wadogo. "Samaki nyingi" utalisikia kila siku ufukweni, ila katika maandishi sanifu ni kosa.

Uhai, hata hivyo, hauongozi kila neno linaloandamana na nomino. Katika sanifu husemwa rafiki yangu na rafiki zangu, kwa viambishi vya [i-/zi-], ilhali kivumishi husema rafiki mzuri, rafiki wazuri. Ndani ya kirai kimoja, "rafiki zangu wazuri", kimilikishi kimefuata umbo na kivumishi kimefuata uhai, na vyote viwili viko sawa. Kwa hiyo ukikagua kivumishi, kipime na nomino yake, usikipime na neno lililo jirani yake.

Na neno lisilopatikana katika kamusi, kama chukudu letu la mbao? Tazama wingi wake kwa wanaolitumia. Wakisema "machukudu", liko katika [li-/ya-], nawe utaandika chukudu jipya, machukudu mapya. Wakisema "chukudu" kwa moja na kwa mengi, utaliweka katika [i-/zi-]: chukudu mpya, chukudu nyingi. Chagua umbo moja na ulishike katika maandishi yote, maana msomaji atakubali umbo lolote kati ya hayo mawili, lakini hataelewa ukiyabadilisha katikati ya ukurasa.

Sehemu ya tano itahusu vimilikishi vya jamaa: kwa nini husemwa dada yangu na dada zangu, na mipaka ya kanuni hiyo iko wapi.