King'amuzi kinawaka, runinga inasema "No Signal"

Umeme umekatika na kurudi. Taa ya king'amuzi inawaka, menyu ya runinga yenyewe inafunguka vizuri, lakini kwenye HDMI hakuna kitu. Usikimbilie kununua waya mpya.

Kabla ya picha kupita, vifaa hivi viwili husalimiana. King'amuzi hupeleka volti 5 kwenye waya, runinga hujibu kuwa ipo na kueleza picha inazoweza kuonyesha, kisha vyote viwili huhakikishiana funguo za ulinzi wa hakimiliki. Salamu ikikatika katikati, kila kimoja hubaki kikimsubiri mwenzake.

Kuzima kwa rimoti hakusaidii, maana kifaa kimesinzia tu na kumbukumbu ile mbovu bado ina umeme. Chomoa plagi zote mbili ukutani, kisha chomoa na waya wa HDMI. Watu wengi huuacha, ilhali zile volti 5 hupita humo humo.

Hata hapo, kapasita ndani bado zimeshika chaji, kama ndoo iliyobaki na maji bomba likifungwa. Bonyeza kitufe cha kuwasha kilicho kwenye runinga kwa sekunde 30 hivi; kifaa hujaribu kuwaka na kuinyonya chaji hiyo. Subiri dakika moja au mbili. Rudisha waya, washa runinga kwanza, halafu king'amuzi.

Tatizo likijirudia kila siku, jaribu tundu jingine la HDMI, kisha waya mwingine.