Diski Iliyopigwa na Umeme: Kwa Nini Bodi Nyingine Pekee Haitoshi

Diski ya nje ya mezani, ile ya inchi 3.5 inayochomekwa ukutani kwa adapta yake, huendeshwa kwa umeme wa volti 12. Ndani ya kasha lake mna bodi mbili. Ya kwanza ni ndogo. Inapokea waya wa USB na umeme wa adapta, na kutokana na huo inatengeneza volti 5. Ya pili imefungwa kwa skrubu chini ya diski yenyewe: volti 12 inazipeleka kwenye mota inayozungusha visahani, na volti 5 kwenye chipu za kusoma na kuandika. Umeme ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo, adapta ikashindwa kuuzuia, nguvu iliyozidi hupita moja kwa moja hadi kwenye bodi hizo.

Dalili yake ni ukimya. Diski haizunguki, haitetemeki, wala haigongi. Wakati mwingine taa ya adapta huwaka na kuzima mfululizo, kwa sababu adapta imegundua kuwa mbele yake pana shoti. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuitoa diski kwenye kasha na kuijaribu kwa umeme mwingine ulio mzima, kwa kuwa huenda kilichoungua ni adapta au bodi ndogo tu. Isipozunguka hata hapo, bodi ya diski ndiyo yenye hitilafu.

Karibu na mahali umeme unapoingilia kwenye bodi hiyo, kwa kawaida kuna dayodi mbili za ulinzi: moja ya njia ya volti 12, nyingine ya njia ya volti 5. Volteji ikipanda kupita kiasi, dayodi huifyonza na kuipeleka chini. Ikizidiwa hujiua kwa kupiga shoti, na hivyo kuzikinga chipu zilizo nyuma yake. Multimita hulibaini jambo hili kwa urahisi. Bodi ikiwa haina umeme, dayodi inayoonyesha karibu omu 0 pande zote mbili huenda imekufa. Fundi akiing'oa na shoti ikatoweka, mara nyingi diski huzunguka tena. Hapo data inakiliwa mara moja, maana diski imebaki bila kinga.

Dayodi ikitolewa na shoti ikabaki, au kama chipu inayoendesha mota ina shimo au doa la kuungua, bodi hiyo haiponi kwa njia hiyo. Ndipo wengi hununua diski nyingine ya modeli ileile, wakaifungua bodi yake na kuifunga kwenye diski iliyokufa. Kwa diski nyingi za miaka ya 1990 jambo hilo liliwezekana. Kwa diski za leo, kwa kawaida mota huzunguka, vichwa hugonga mara kadhaa, kisha kila kitu husimama. Au kompyuta huiona diski yenye ukubwa wa sifuri.

Sababu iko katika jinsi diski inavyotengenezwa. Kichwa cha kusomea huelea juu ya kisahani kwa umbali wa nanomita chache tu, na hakuna vichwa viwili vinavyolingana kabisa. Kiwandani kila diski hupimwa peke yake: ni vichwa vingapi vitumike, kila kimoja kipewe mkondo kiasi gani, na kimekaa kando ya njia yake kwa kiasi gani. Sehemu ya vipimo hivyo huandikwa kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu iliyo juu ya bodi. Sehemu kubwa ya programu dhibiti, pamoja na orodha ya sekta mbovu, huandikwa kwenye visahani, katika eneo la siri ambalo mtumiaji halifikii.

Diski inapowashwa, processa husoma kwanza chipu ile, na kwa vipimo vyake huelekeza vichwa kwenye eneo hilo la siri ili kuipata programu iliyobaki. Bodi ngeni huja na vipimo vya diski nyingine, yenye vichwa vingine. Hivyo vichwa hutafuta eneo lile kwa maelekezo yasiyo yao, vikakosa, vikarudi, vikajaribu tena. Kugonga kunakosikika ndiko kutafuta huko, na kuiacha diski igonge muda mrefu ni kuviweka vichwa na visahani hatarini.

Basi bodi mbadala inahitaji mambo mawili. Kwanza, namba iliyochapwa juu yake ilingane na ya bodi ya zamani. Kwenye bodi nyingi za Western Digital namba hiyo huanza na 2060, na kwenye nyingi za Seagate huanza na 100. Jina la modeli kwenye lebo halitoshi, kwa sababu modeli moja inaweza kutoka na bodi tofauti. Pili, data ya chipu ya zamani ihamishiwe kwenye bodi mpya.

Chipu hiyo kwa kawaida ina miguu minane, na namba yake mara nyingi huanza na 25. Kwenye bodi nyingi za Western Digital hukaa mahali palipoandikwa U12. Njia ya moja kwa moja ni kuing'oa kwa hewa moto na kuilehemu kwenye bodi mpya, kitone cha mguu wa kwanza kikielekea upande uleule. Ikigeuzwa, hupokea umeme kwa miguu isiyofaa na inaweza kuungua pamoja na data yake. Njia ya pili ni kuisoma kwa kifaa kama CH341A, kisha kuiandika nakala yake kwenye chipu ya bodi mpya. Kabla ya kuandika chochote, husomwa mara mbili na kulinganishwa:

```
flashrom -p ch341a_spi -r rom1.bin
flashrom -p ch341a_spi -r rom2.bin
sha256sum rom1.bin rom2.bin
```

Namba mbili za mwisho zisipofanana, usomaji si wa kuaminika. Mara nyingi klipu haijashika vizuri. Data ya chipu ya bodi mpya nayo huhifadhiwa kwanza, isije ikapotea.

U12 ikiwa tupu, data imo ndani ya processa kuu. Hapo kazi ni ya maabara yenye vifaa vyake, kwa kuwa lazima processa yenyewe ihamishwe au isomwe kwa njia maalumu. Pia kuna makasha ambayo bodi yake ndogo husimba data yote, hata kama mtumiaji hakuweka nywila. Diski ikipona lakini ikaunganishwa nje ya kasha la namna hiyo, huonekana kama haina mafaili; hivyo bodi ndogo ya zamani haitupwi.

Kuna mpaka mmoja ambao bodi haiuvuki. Ndani ya diski, karibu na vichwa, kuna chipu ya kukuza mawimbi. Umeme ukifika huko, diski itagonga hata ikiwa na bodi sahihi na data sahihi, na vichwa vyote vitahitaji kubadilishwa katika chumba kisicho na vumbi. Lakini pale umeme ulipoishia kwenye bodi, data kwenye visahani bado ni nzima, na njia ya kuifikia imo katika chipu ile ya miguu minane. Kwa hiyo bodi iliyoungua isitupwe, wala isiachwe kwa fundi anayetaka kufunga nyingine bila kuigusa chipu hiyo.