Mzigo Ukirudi, Usiurudishe Stoo Kabla Hujaukagua

Leo tuongee kuhusu kitu ambacho wengi tunaouza nguo mtandaoni tunakifanya harakaharaka: mteja karudisha mzigo, unaupokea, unaukunja, unauweka na wenzake. Mi nilikuwa hivyohivyo, mpaka yaliponikuta.

Nauzia nyumbani, hapa Bagamoyo. Mzigo nafuata Kariakoo, wateja wangu wengi wako njia hii ya Dar: Kiromo, Zinga, Kerege, Mapinga, mpaka Bunju na Tegeta. Siku moja gauni lilirudi, mteja akasema limembana. Tagi ilikuwepo, mfuko ulikuwepo, nikaliweka tu. Wiki mbili baadaye nikamuuzia dada mmoja wa Zinga, alikuwa analitaka kwa kichenipati. Jioni akanipigia: "Dada, kwenye mfuko wa gauni kuna tishu ina lipstiki. Umeniuzia mtumba kwa bei ya dukani?" Nikamrudishia hela yake yote. Ila yule dada alikuwa ameshaniletea wateja watano, na hakuna hata mmoja aliyerudi.

Tangu siku hiyo kila kinachorudi kinapita kwenye ukaguzi, halafu kinaingia moja ya sehemu tatu: kinarudi stoo, kinauzwa kwa punguzo, au kinatolewa kabisa kwenye hesabu. Nawaelekeza ninavyofanya.

KAGUA SIKU HIYOHIYO, MCHANA, KABLA YA KURUDISHA HELA

Mzigo uliorudi nina kikapu chake karibu na mlango. Hauingii chumba cha stoo, hata kwa usiku mmoja. Sababu ni hewa yetu ya pwani. Huku kuna unyevu mwaka mzima, na masika, kuanzia Machi mpaka Mei, ndo balaa. Nguo iliyorudi na jasho kidogo, ukiifungia kwenye mfuko wa nailoni, siku chache tu inanuka ukungu. Na ukungu unahama, unaenda kwenye nguo nzima za jirani.

Nakagua kwenye mwanga wa mlangoni, siyo chini ya taa. Taa inaficha madoa kwenye nguo nyeusi. Nikiwa nafungua mfuko, simu inarekodi video. Siyo kwamba nawaona wateja wezi, ila ikitokea mabishano, video inamaliza. Hela namrudishia mteja nikishamaliza kukagua, na hilo namwambia mapema kabla hajautuma.

Nafuata mpangilio mmoja kila mara, ili nisisahau kitu.

Kwanza nanusa. Pua haidanganyi: jasho, manukato, udi, moshi wa jikoni, ukungu. Nguo mpya ina harufu ya kiwanda au haina harufu kabisa. Ikinukia udi, hata kama tagi ipo, hiyo imevaliwa.

Pili, naigeuza ndani nje. Naangalia kwapani kama kuna alama nyeupe za marashi, shingoni kama kuna poda au fondesheni, na pindo la chini kama lina vumbi. Mifukoni naingiza mkono mpaka mwisho. Tishu ile imenifunza.

Tatu, naivuta. Zipu nafungua na kufunga mara tatu. Hewa yetu ina chumvi, zipu na vifungo vya chuma vinashika kutu, na kutu ikigusa kitambaa cheupe doa lake halitoki kirahisi. Kisha navuta mishono ya pembeni taratibu. Gauni lililovaliwa na mtu mnene kuliko saizi yake, uzi unaachia na unaona matundu ya sindano.

Nne, nalinganisha na picha niliyopiga kabla ya kutuma. Kuna watu wanabadilisha, wanakurudishia yao ya zamani inayofanana. Siku hizi naandika namba ndogo kwa kalamu kwenye lebo ya ndani, na tagi naifunga kifuani, nje, pale ambapo mtu hawezi kuvaa nguo ikiwa nayo na akatoka nayo.

Kiatu kinakaguliwa chini kabisa. Aliyejaribu ndani, sakafuni, soli inabaki safi. Aliyetembea nje utakuta mikwaruzo na mchanga kwenye mistari ya soli, na mkunjo pale vidole vinapokunjia.

MADARAJA MATATU

Daraja la kwanza: haijavaliwa, tagi yake ipo, haina harufu, haina doa. Inabadilishiwa mfuko, inarudi stoo kwa bei yake ileile.

Daraja la pili: inavalika vizuri, ila imeguswa. Hata ukiifua ikang'aa, haipandi tena daraja la kwanza. Hapa wengi tunajidanganya. Ukiifua ukaiuza kama mpya, umemdanganya mteja, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Daraja la pili inauzwa kwa punguzo, na dosari yake inasemwa.

Daraja la tatu: haiuziki. Nguo za ndani zilizotoka kwenye pakiti zinaingia hapa moja kwa moja, hata zikionekana mpya. TBS hairuhusu nguo za ndani za mtumba, na zilizojaribiwa mi nazihesabu hukohuko. Hereni za kutoboa na vipodozi vilivyofunguliwa pia. Nguo yenye vidoti vyeusi vya ukungu vilivyozama kwenye uzi nayo ni hapa. Ule ukungu mweupe kama unga, ukiuwahi, unapangusika na nguo inafulika. Vile vidoti vyeusi ukiamua kuvitoa kwa jiki kwenye kitambaa cha rangi, unaua na rangi yenyewe.

SWALI LA KUJIULIZA

Kosa langu kubwa lilikuwa kusema, "Hii nimenunua elfu kumi na tano, siwezi kuitupa." Lakini ile elfu kumi na tano imeshatoka. Ukiitupa haipo, ukiiweka kabatini miaka miwili pia haipo. Swali ni moja tu: kuanzia leo, hiki kitu kitaniletea shilingi ngapi nikitoa gharama zilizobaki? Yaani sabuni, fundi, mfuko, na muda wangu.

Tuchukue Ijumaa moja ya mwezi wa nne. Vilirudi vitu vitatu.

Cha kwanza, gauni kutoka Kerege. Nilinunua 18,000, nauza 30,000. Mteja alisema dogo. Nikanusa, safi. Kwapa safi, mishono mizima, tagi kifuani. Daraja la kwanza. Mfuko mpya shilingi 200, likarudi stoo, baadaye likauzwa 30,000.

Cha pili, abaya nyeusi kutoka Tegeta. Nilinunua 25,000, nauza 42,000. Video ilionyesha tagi imekatwa, fondesheni shingoni, udi unanukia, na shanga za mkono wa kulia zimeachia. Mteja alikubali kwamba alishaivaa, tukaelewana nimrudishie sehemu ya hela tu. Daraja la pili. Niliifua kwa mkono na maji baridi, nikaianika kivulini ikiwa ndani nje, maana jua letu linapausha nyeusi. Sabuni 500, fundi wa shanga 2,000. Nikaiweka 28,000 na maelezo haya:

"Abaya nyeusi, imevaliwa mara moja ikarudi. Imefuliwa, shanga za mkono wa kulia zimeshonwa upya. Bei mpya ni 42,000, hii 28,000. Ikiuzwa hairudi."

Iliondoka siku ya pili. Nikitoa gharama, mkononi 25,500. Sijahesabu hapo ile sehemu ya hela iliyobaki kwangu. Na aliyenunua hakunilalamikia, maana alijua anachonunua.

Cha tatu, pochi ya ngozi feki. Nilinunua 15,000, nauza 25,000. Kamba yake ilianza kubabuka, na ukiigusa inanatanata. Kosa halikuwa la mteja. Ngozi feki ya aina hii ina tabaka la juu la plastiki ambalo unyevu unalivunja taratibu, na hii ilikaa kwangu masika nzima kabla sijaiuza. Fundi aliniambia ataipaka rangi kwa 6,000. Nikapiga hesabu: kwa hali ile ingeuzwa 10,000, nikitoa 6,000 nabaki na 4,000. Ila rangi haizuii kubabuka. Ingeachia tena baada ya muda mfupi, na mteja wa pili angerudi na hasira. Kwa 4,000 siuzi jina langu. Daraja la tatu. Nilichomoa mnyororo na kifungo chake, nikaweka kwa ajili ya matengenezo, iliyobaki nikaikata kwa mkasi ili isije kuokotwa ikauzwa tena.

Jumla: vitu vya 58,000 kwa bei ya kununulia vimerudisha 55,300. Pochi yote nimeitupa, lakini pengo ni 2,700 tu. Ningeng'ang'ania kuiuza ile pochi na kuificha ile abaya, ningepoteza wateja wawili.

Sharti la mwisho kwenye punguzo: daraja la pili naipa siku 30. Isipouzwa nashusha mara moja tu. Ikifika siku 60 naigawa kwa mtu, na namwambia dosari yake. Kabati langu ni dogo, na kitu kisichouzika kinakalia nafasi ya kinachouzika.

ANDIKA KWENYE DAFTARI

Nina ukurasa wa mizigo iliyorudi. Tarehe, kitu, sababu aliyosema mteja, nilichokikuta mwenyewe, daraja, na hela iliyorudi. Kilichotupwa nakifuta kwenye orodha ya stoo siku hiyohiyo, la sivyo unahesabu faida ya kitu ambacho hakipo.

Ukurasa huo ndo ulionionyesha kwamba magauni mengi yanarudi kwa neno moja, "limenibana". Lebo zinasema L, lakini ukipima kifua kwa futi ya fundi, L ya mzigo mmoja ni M ya mzigo mwingine. Sa hivi kila gauni naandika kifua na kiuno kwa inchi kwenye tangazo. Na zile pochi za ngozi feki, nikaacha kuzinunua kuanzia Februari mpaka mvua ziishe.

Kesho asubuhi fungua lile kabati la vilivyorudi. Toa kimoja, kipeleke mlangoni kwenye mwanga, na uanze na pua.