Kuuma na Kulamba: Virusi Viwili vya Paka na Namna Vinavyoenea

Katika kliniki za tiba na matunzo za mwambao wa kaskazini, swali moja husikika mara kwa mara kutoka kwa watu wanaoishi na VVU na kufuga paka: je, ni kweli kwamba paka nao wana ukimwi, na je, unaweza kuhamia kwa binadamu? Nusu ya kwanza ya swali ina ukweli ndani yake. Ya pili haina.

Paka wana virusi viwili vinavyochanganywa sana na watu. Cha kwanza ni kirusi cha lukemia ya paka, kilichotambuliwa mwaka 1964 na William Jarrett na wenzake mjini Glasgow, Uskoti. Cha pili ni kirusi cha upungufu wa kinga cha paka, ambacho Niels Pedersen na Janet Yamamoto wa California walikipata mwaka 1986 katika kundi la paka lililokuwa likidhoofika bila sababu kujulikana. Hiki cha pili ni ndugu wa VVU kwa umbo na kwa tabia, lakini udugu wao unaishia hapo: kila kimoja kimezoea seli za mwenyeji wake. Hakuna binadamu aliyewahi kuthibitishwa kupata ugonjwa kutokana na virusi hivi vya paka, hata miongoni mwa madaktari wa mifugo waliokwaruzwa na kuumwa miaka nenda miaka rudi. Simba wa Serengeti nao wana aina yao ya kirusi cha upungufu wa kinga, na wameishi nacho vizazi vingi.

Tofauti kubwa kati ya virusi hivi viwili ni njia ya kuenea. Kirusi cha upungufu wa kinga hukaa katika damu na mate, na njia yake kuu ni jino linalozama katika nyama. Ndiyo maana huonekana zaidi kwa madume wasiohasiwa, wale mashume wa mtaani wenye masikio yaliyochanika, wanaopigania majike na mipaka usiku kucha. Paka wanaopatana ndani ya nyumba moja, wasioumana, wanaweza kula pamoja kwa miaka bila kuambukizana. Kirusi cha lukemia hakihitaji ugomvi. Hustawi katika mapenzi. Hutoka kwa wingi katika mate na kamasi, na pia katika maziwa ya mama, hivyo huenea paka wanapolambana, wanapokula sahani moja, na mama anaponyonyesha au kusafisha wanawe. Vitoto ndio walio hatarini zaidi. Paka aliyekomaa huweza kukishinda, ingawa si kila mara. Nje ya mwili, virusi vyote viwili ni dhaifu: sabuni ya kawaida na kukauka huvimaliza.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Ngamiani, mjini Tanga, yenye paka watatu: shume wa miaka sita, jike, na mwanawe wa miezi mitatu. Watoto wa nyumba hiyo wanaokota kitoto kingine penye soko la samaki, wanakileta nyumbani na kukiwekea maji katika kifuu kilekile cha wenzake. Wiki mbili baadaye kimepoa, hakichezi, na ufizi wake ni mweupe. Daktari wa mifugo anawapima wote wanne kwa kipimo cha haraka cha tone la damu. Shume, jike na mwana wana kingamwili za kirusi cha upungufu wa kinga. Kitoto cha sokoni hakina hizo, lakini kina antijeni ya lukemia.

Majibu haya hayasomwi kwa namna moja. Mhudumu wa afya anayepima watoto wachanga wa mama wenye VVU ataielewa hali ya mwana wa jike mara moja. Kipimo kinatafuta kingamwili, na kingamwili huvuka kwa mtoto kupitia maziwa ya mama. Kwa hiyo jibu la mwana halisemi kuwa ameambukizwa. Linasema tu kuwa mama yake anazo. Atapimwa tena akitimiza miezi sita, na mara nyingi jibu hugeuka. Mkosa uvumilivu humuua bure kitoto mzima. Kwa shume na jike, jibu ni la kuaminika zaidi: yamkini shume alipata kwa kupigana, na jike kwa kuumwa shingoni wakati wa kupandwa.

Kitoto cha sokoni ni habari nyingine. Kipimo cha lukemia hutafuta kipande cha kirusi chenyewe, si kingamwili, kwa hiyo maziwa ya mama hayawezi kulidanganya jibu. Hata hivyo, paka wengine hukidhibiti kirusi baada ya miezi kadhaa, antijeni ikatoweka katika damu. Hutengwa katika chumba chake chenye sahani yake na mchanga wake, kisha hupimwa tena baada ya wiki 12 hivi. Wale watatu nao hurudiwa kipimo cha lukemia, kwa kuwa wiki mbili za kunywa pamoja hazitoshi kuonyesha maambukizo mapya; huhitajika siku 30 au zaidi. Kama jibu la pili bado ni chanya, hatima si njema: wengi wa paka wa namna hiyo hufa ndani ya miaka mitatu, kwa upungufu wa damu, uvimbe wa saratani au maradhi nyemelezi. Chanjo ya lukemia ipo, lakini haimponyi aliyekwisha kuambukizwa.

Shume anaweza kuzeeka. Ahasiwe, akae ndani usiku, apewe samaki aliyepikwa badala ya matumbo mabichi, achanjwe kichaa cha mbwa, na kinywa chake kikaguliwe kila baada ya miezi sita, maana ufizi uliovimba na harufu kali ndiyo dalili inayotangulia mara nyingi. Jike naye afungwe kizazi.

Kwa mgonjwa mwenye VVU, hofu ihamie mahali pake. Kinachoweza kutoka kwa paka ni toksoplasma, bakteria wa mikwaruzo, mba na kichaa cha mbwa. Mayai ya toksoplasma huhitaji siku moja hadi tano baada ya kinyesi kutoka ndipo yaweze kuambukiza; mchanga ukiondolewa kila siku, na mtu mwingine asiye mjamzito wala mwenye kinga ndogo, hatari hupungua sana. Anayelima bustani avae glavu. Jeraha la kuumwa lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mgonjwa aende kituoni siku hiyohiyo.

Jambo la mwisho ni dawa. Wapo wanaomgawia paka vidonge vyao vya kufubaza VVU kwa kusikia kuwa ugonjwa ni mmoja. Zidovudini hutumiwa kweli kwa baadhi ya paka, lakini kwa kipimo cha uzito wake na kwa kufuatilia damu, kwa sababu huweza kuipunguza; na kila kidonge kinachogawiwa ni dozi iliyorukwa na mwenyewe. Kilicho hatari zaidi ni parasetamoli. Ini la paka haliwezi kuivunja, na kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumuua paka wa kilo nne. Ufizi hugeuka wa kahawia, uso na nyayo huvimba, pumzi hupanda. Akionekana hivyo, apelekwe kwa daktari wa mifugo saa ileile, na kasha la dawa lichukuliwe pamoja naye.