Menyu Imekatika: Pesa Imekwenda au Bado?

Muuza mchele wa Mwanza anataka kumlipa mwenye lori. Anapiga *150*00#, anachagua kutuma pesa, kisha anaanza kupekua daftari akitafuta namba ya mpokeaji. Akirudisha macho kwenye simu, menyu imeshajifunga. Anapiga tena, na safari hii kioo kinamwandikia "Connection problem or invalid MMI code". Yeye anaona mtandao ni mbovu tu, kumbe hizo ni hitilafu mbili tofauti.

Menyu ya USSD haitumii bando. Hupita kwenye njia ya mawimbi ambayo mtandao huitumia kuunganisha simu za kawaida, ndiyo maana intaneti inaweza kuwa nzuri huku menyu ikigoma. Tangu menyu inapofunguka, simu na mitambo huwa zimeshikana, na kila chaguo huenda na kurudi. Mtu asipojibu kwa muda mfupi, mitambo humkata. Dawa ya tatizo la kwanza ni kuandika namba na kiasi pembeni kabla ya kupiga.

La pili ni simu kushindwa kufika. Kwa mwenye laini mbili, aangalie kwanza ni laini ipi iliyopiga. Halafu kuna suala la 4G: simu nyingi hulazimika kushuka 3G au 2G ili kupitisha USSD, na zikishindwa kushuka, ujumbe ule hutokea. Kuwasha hali ya ndege kwa sekunde chache na kuizima, au kuchagua 3G au 2G kwenye mipangilio, mara nyingi hutosha. Kisha apige *106#, namba ya kuhakiki usajili wa laini Tanzania. Ikifunguka, simu yake ni nzima. Kilicholala ni huduma ya fedha, na kuzima simu hakutasaidia.

Kenya, M-Pesa ilianza mwaka 2007 kwa menyu iliyomo ndani ya laini yenyewe, inayofunguliwa kupitia "SIM Toolkit". Hapo majibu yote hukusanywa kwanza, ndipo yatumwe kwa pamoja, kwa hiyo anayechelewa kubonyeza hakatwi na mitambo. Menyu hiyo ikipotea, mtumiaji aangalie kama programu imezimwa kwenye mipangilio, kisha azime simu na kuiwasha. Laini ikihamishiwa simu nyingine na menyu bado haionekani, huenda laini ndiyo imechakaa na inahitaji kubadilishwa. Wakati huo anaweza kupiga *334#.

Swali zito ni menyu ilikatika wapi. Ikikatika kabla ya kuingiza namba ya siri, hakuna pesa iliyotoka. Ikikatika baada ya hapo, ombi linaweza kuwa limefika na kutekelezwa, kilichopotea kikawa ni jibu tu. Anayetuma tena papo hapo anaweza kulipa mara mbili. Ukikatiwa baada ya namba ya siri, angalia salio na miamala ya mwisho kwanza, hata kama ujumbe mfupi haujaingia.