Laini Usiyoijua kwa Namba Yako ya NIDA

Nchini Tanzania, ukibonyeza *106# unaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoitambua, iandikie kampuni husika barua: jina kamili, namba ya NIDA, namba ya laini hiyo na tarehe uliyoigundua. Kisha useme wazi: “Sikuisajili wala sikumtuma mtu. Naomba ifutwe kwenye jina langu.”

Omba pia tarehe ya usajili na wakala aliyehusika, maana laini ikifutwa bila maelezo hayo, polisi watakosa pa kuanzia endapo ilitumika kutapeli watu. Akaunti yake ya pesa nayo itajwe. Nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi, na siku chache baadaye ubonyeze tena *106#.