Usimfiche Mtoto Simu ya Nyanyake

Shule zikifunguliwa Januari, swali huja lile lile: "Daktari, nimnunulie nini mtoto asahau Githongo?" Safari hii limeletwa na mama anayeishi Umoja, Nairobi. Mwanawe wa miaka sita amelelewa na nyanyake kule Githongo, Meru, tangu alipoachishwa kunyonya. Sasa ameletwa mjini kuanza Gredi ya 1. Anakojoa kitandani, jambo aliloacha zamani, na kila asubuhi tumbo linamuuma hadi gari la shule linapoondoka.

Hakuna cha kununua ili asahau. Lakini mama huyu ameshashauriwa na majirani: asimruhusu kuzungumza na nyanyake hadi muhula uishe, na amtafutie kishikwambi cha katuni. Ushahidi wao ni kwamba alipoongea na nyanya alilia usiku kucha, simu zilipokatwa akanyamaza. Basi amezoea.

Hajazoea. Hoja hii ni ya zamani, na ilishaangushwa. Hospitali nyingi za Uingereza zilikuwa zikiwazuia wazazi kuwaona watoto waliolazwa, kwa sababu hiyo hiyo: mama akija mtoto analia, asipokuja ametulia. James Robertson, aliyefanya kazi na John Bowlby jijini London, hakukubali. Mwaka 1952 alionyesha filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku 8, na katika kazi yake akaeleza hatua tatu. Kwanza mtoto hulia na kudai. Kisha hukata tamaa, akawa mpole na mwenye huzuni. Mwishowe, utengano ukirefuka, huonekana mchangamfu, anakula, anawachekea wauguzi, lakini mamake akija humtazama kama mgeni. Wauguzi waliiita hiyo hatua ya tatu kupona. Madaktari wengi waliikasirikia filamu, lakini mwaka 1959 kamati ya serikali ya huko ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote.

Utaniambia mwanao hayuko hospitalini, yuko na mamake. Hapo ndipo penye ugumu, na wazazi hawapendi kuusikia. Kwa mtoto huyu, mlezi ni yule aliyemwamsha, akamwogesha na kumfunga vifungo vya sweta kwenye baridi ya Githongo. Wewe ulikuwa mtu wa Krismasi mwenye mikate na nguo mpya. Anakupenda, ndiyo, lakini bado anakujifunza. Ukimkatia nyanya simu umemwondolea mtu mmoja anayemjua vizuri, kabla hajampata wa pili. Na machozi ya baada ya simu si kidonda kilichotoneshwa. Ni mtoto anayelia akiwa na mtu wa kumbembeleza. Mbembeleze.

Kwa hiyo simu irudi. Dakika chache zinatosha, siku zile zile, kabla ya chakula cha jioni wala si wakati wa kulala. Nyanya naye aombwe kitu kimoja: asiahidi kuja kumchukua kesho.

Sasa zawadi, haraka haraka. Kishikwambi kitamfungia ndani, na huyu tayari ana shida ya kutoka: anaongea Kimeru, watoto wa ploti wanaongea Sheng. Mnunulie mpira. Mpira hauhitaji lugha, na mwenye mpira huitwa nje. Mpe siku ya kawaida, sio kama hongo ya kunyamaza. Nyanya atume kitu chake pia, leso aliyokwisha kuivaa, na usiifue. Harufu ndiyo kazi yake kitandani.

Matembezi nayo yawe mafupi na ya kurudiwa. Wazazi hupenda kumaliza deni kwa siku moja ya twiga, aiskrimu na foleni, mtoto akarudi amechoka na mtaa haujui bado. Anza na njia ya dukani: lango, kinyozi, mama mboga, nyumbani. Ipitieni hiyo hiyo, mama mboga ajue jina lake. Akishaizoea, mwambie akuongoze kurudi, na akipotea kidogo usimkimbilie kumsahihisha. Halafu njia ya shule, mkitembea Jumamosi isiyo na haraka. Uhuru Park ije baadaye.

Usimchape kwa kukojoa; mbadilishie shuka bila hotuba, mwalimu ajulishwe. Tarajia wiki kadhaa za kupanda na kushuka. Kinachonitia wasiwasi ni mtoto ambaye baada ya mwezi hachezi na yeyote, hali vizuri, anakataa shule kabisa, au amekuwa mkimya kiasi cha kukupendeza. Huyo mlete kliniki, na kukojoa kukiendelea apimwe mkojo, maana huenda ni maambukizi. Ikiwa mtoto wako alihamishwa kwa sababu nyanya amefariki au wazazi wametengana, weka mpira kando kwanza, umwambie ukweli kwa maneno anayoyaelewa. Na ukihisi kuna mtu anayemdhuru, nambari ya Childline Kenya ni 116, bila malipo.

Kishikwambi kama umeshakinunua, kirudishe dukani.